Vilivyozama Navyo Viliundwa: Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Mifuko ya Mikopo ya Biashara Ndogo

Waheshimiwa,

Kwa miaka tisa kazi yangu imekuwa kuwatafuta watu waliopewa mikopo na mafunzo ya biashara na kuwauliza maswali yaleyale. Biashara ingalipo? Kipato kimepanda au kimeshuka? Umeajiri mtu? Majibu yao ndiyo yanayoingia katika ripoti mnazoletewa mezani, na kwa ripoti hizo mnaamua mikopo iwe ya ukubwa gani, programu ipi iendelee na ipi ifungwe. Ninawaandikia kwa sababu nimeona kwa karibu jinsi majibu hayo yanavyochujwa kabla hayajawafikia. Wala mchujo huo haumhitaji mtu mwongo. Unatokea hata pale ambapo kila aliyegusa karatasi alikuwa mwaminifu, na ndiyo maana unapita bila kuonekana.

Nianze na orodha niliyopewa siku moja. Mfuko niliokuwa nikiufanyia kazi ulitaka kitabu kidogo cha simulizi za waliofanikiwa, na mimi nikaagizwa kuwasaili. Niliyopokea ilikuwa ya kurasa 3. Nilipoifungua kwenye kompyuta nikaona safu moja yenye kichwa "Hali" imechujwa, yamebaki majina yenye neno "hai" tu. Nikaondoa kichujio. Kurasa zikawa 11.

Nikauliza wale wengine ni akina nani. Nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba hao hawatuhusu. Walioshindwa kulipa walihamishiwa kwenye mikopo chechefu, na faili zao ziko idara nyingine. Waliomaliza kulipa kisha wakafunga duka, akaunti zao zimefungwa, na akaunti iliyofungwa haitoki kwenye ripoti ya mwezi. Hakuna aliyekusudia kuficha kitu. Lakini kitabu kilipotoka, kila aliyekuwamo alikuwa mtu ambaye biashara yake ilisimama, na wasomaji, mkiwamo nyinyi, mkaanza kutafuta humo sababu za biashara kusimama.

Tunapenda kusema usione vyaelea, vimeundwa. Ni kweli, ila vilivyozama navyo viliundwa, mara nyingi kwa mikono ileile na mbao zilezile. Ukikagua vinavyoelea peke yake hutajua ni kipi katika uundaji kilichoviokoa, kwa kuwa hujui kama vilivyozama navyo havikuwa nacho. Wanatakwimu huliita kosa hili upendeleo wa manusura.

Nitaonyesha kwa mfano wa hesabu. Nimechagua namba nyepesi ili kila mmoja aifuate bila kikokotoo. Tuseme wakopaji ni 1,000. Kati yao 300 walichukua mkopo mkubwa kwa mkupuo mmoja, na 700 wakaanza na mkopo mdogo. Baada ya miaka mitatu, biashara 40 zimekua kwelikweli. Tunawaita wenyewe, tunawapiga picha, tunawauliza walianzaje. Kati ya hao 40, watu 30 walianza na mkopo mkubwa na 10 na mkopo mdogo. Mwandishi wa ripoti anaandika, bila kudanganya hata herufi moja, kwamba robo tatu ya waliofanikiwa walithubutu kuanza na mtaji mkubwa. Sentensi hiyo inapofika kwenu inasomeka kama ushauri wa kuongeza mikopo.

Sasa turudi kwa wale 300. Thelathini wamekua. Waliobaki ni 270, na tuseme kati yao 180 wamefilisika na wanadaiwa. Kwa wale 700 wa mkopo mdogo, kumi wamekua, na tuseme waliofilisika ni 70. Kwa hiyo katika kila watu kumi waliochukua mkopo mkubwa, mmoja amepaa na sita wameanguka. Katika kila kumi wa mkopo mdogo, aliyeanguka ni mmoja, na ni vigumu kumpata aliyepaa. Huenda mkaamua kwamba mkopo mkubwa bado unafaa kwa kundi fulani. Hilo ni lenu kuamua. Ila ni uamuzi tofauti kabisa na ule wa mtu aliyeona 30 kati ya 40, kwa kuwa yeye haoni kwamba ameidhinisha watu sita waanguke ili mmoja apae.

Angalieni kosa lilipo. Swali la kitabu cha mafanikio ni hili: kati ya waliofanikiwa, wangapi walichukua mkopo mkubwa? Swali mnalohitaji nyinyi ni lingine: kati ya waliochukua mkopo mkubwa, wangapi walifanikiwa? Kwa masikio yanafanana, lakini jibu la kwanza halikupi la pili mpaka uwe na idadi ya wote walioanza. Ule mfuko nilioutaja uliinua kiwango cha mkopo wa kwanza mwaka uliofuata kitabu. Mimi ndiye niliyepiga zile simu za usaili, na sikusema neno kuhusu kurasa nane zilizochujwa. Jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mfano mashuhuri wa jambo hili ni wa ndege za Vita vya Pili vya Dunia, na huenda mmewahi kuusikia kwenye semina. Ndege zilirudi na matundu ya risasi, mtu akashauri sehemu zenye matundu ziimarishwe, mwanatakwimu akasema hapana, imarisheni zisizo na matundu, kwa sababu zilizopigwa huko hazikurudi. Ukisimuliwa hivyo unaonekana kama kitendawili cha mtu mwerevu. Kazi yenyewe ya Abraham Wald, aliyoiandika mwaka 1943 akiwa katika kundi la utafiti wa takwimu la Chuo Kikuu cha Columbia, ni ya hesabu ya taratibu, na naiona ina faida zaidi kwetu kuliko kitendawili.

Katika mfano wake zilipaa ndege 400. Zikarudi 380. Kati ya zilizorudi, 320 hazikuwa na tundu hata moja, na 60 zilikuwa na tundu moja hadi matano. Wald akachukulia kwamba ndege isiyopigwa haianguki. Basi zile 20 ambazo hazikurudi lazima zilipigwa, ikimaanisha zilizopigwa zilikuwa 80, na robo yake ziliangamia. Kuanzia hapo aliweza kukadiria uwezekano wa ndege kuanguka kwa kila risasi inayoipata, ingawa hakuwa na hata moja ya zile 20 ya kukagua. Nguzo ya hesabu nzima ni ile 400. Kikosi kilikuwa na daftari la ndege zilizopaa. Angepewa zilizorudi tu, bila idadi ya zilizoondoka, angebaki na matundu ya kuhesabu na asingeweza kusema lolote kuhusu hatari. Na alitamka wazi alichokichukulia kuwa kweli, ili anayebisha ajue pa kubishia.

Nasi tunalo daftari la ndege zilizopaa. Ni rejista ya waliosaini mkataba siku ya kwanza. Tatizo ni kwamba ripoti zetu haziandikwi kutoka humo.

Sasa niingie kwenye dodoso za hiari, maana hapo ndipo fedha nyingi hupotea siku hizi. Zamani msaili alifunga safari mpaka kwa mkopaji. Leo tunatuma kiungo kwa ujumbe wa simu, na anayetaka anajaza. Ni rahisi, ni haraka, na majibu yanaingia yenyewe kwenye jedwali. Ila anayetaka ni nani? Mtu ambaye simu yake bado inapatikana, ambaye hatumdai wala hatudai, ambaye ana habari njema ya kusema, au ana hasira kiasi cha kuacha shughuli zake aandike. Aliyefunga biashara kimyakimya na kubadili namba kwa sababu maafisa wa madeni walikuwa wakimpigia, huyo hatajaza. Asiyekuwapo na lake halipo.

Tuchukue mfano mwingine wa namba. Watu 1,000 walijiunga na mafunzo. Waliohitimu ni 700, na kiungo kikatumwa kwao tu. Walijibu 200, na kati yao 160 walisema kipato kimepanda. Ripoti inasema: "Asilimia 80 ya wanufaika wameongeza kipato." Naomba tuisome polepole. Tunachokijua kwa hakika ni kwamba watu 160 kati ya 1,000 wamesema hivyo. Kuhusu 800 waliobaki, 300 walioacha njiani na 500 wahitimu walionyamaza, hatujui lolote. Kama hakuna hata mmoja wao aliyepandisha kipato, ukweli ni asilimia 16. Kama wote wamepandisha, ni asilimia 96. Dodoso letu, lilivyo, halina uwezo wa kutuambia tuko wapi kati ya 16 na 96. Ile 80 inatokana na kudhani kwamba walionyamaza wanafanana na waliosema. Hakuna aliyeliandika wazo hilo wala kulitetea. Limejipenyeza tu.

Tiba yake ipo, na si ngeni. Morris Hansen na William Hurwitz waliieleza katika makala yao ya mwaka 1946. Haihitaji kuwafuata wote 800. Unawapanga katika orodha, unachagua kwa bahati nasibu wachache, tuseme 80, kisha fedha ulizotaka kutumia kwa kutuma kumbusho la tano kwa kila mtu unazitumia kuwatafuta hao 80 kwa nguvu zote: simu ya mdhamini, simu ya jirani, safari ya miguu. Tuseme wamepatikana 72, na 18 kati yao wamepandisha kipato. Hiyo ni robo. Robo ya 800 ni 200. Ongeza wale 160 tuliowajua, unapata 360 kati ya 1,000. Asilimia 36.

Na wale 8 ambao hawakupatikana kabisa? Usiwafute, wahesabu pande zote mbili. Ukichukulia wote 8 wameshindwa, kadirio la jumla linashuka hadi 34. Ukichukulia wote wamefaulu, linapanda hadi 42. Ipo pia bahati ya uchaguzi wenyewe, kwa kuwa 80 wengine wangeweza kutoa jibu tofauti kidogo. Kwa sampuli ya ukubwa huu, bahati hiyo inaweza kusogeza ile 36 kwa takriban pointi 8 juu au chini. Kwa hiyo tunasema kwa uaminifu kwamba ni karibu theluthi moja, pengine pungufu kidogo, pengine zaidi kidogo. Kadirio hili halina mng'ao wa ile 80, lakini mkilijengea uamuzi litaubeba. Nikumbushe pia kwamba hata 36 haisemi mafunzo ndiyo yaliyoleta ongezeko. Kwa hilo mnahitaji kundi la kulinganisha, na hiyo ni barua nyingine.

Nimesikia mara nyingi jibu kwamba dawa ni kupata majibu mengi zaidi. Mwaka 2021 jarida la Nature lilichapisha uchambuzi wa jambo hili hasa. Huko Marekani, utafiti uliofanywa kupitia Facebook ulikuwa ukipata majibu ya watu wazima kama 250,000 kila wiki kuhusu chanjo ya korona. Kufikia Mei 2021, makadirio yake ya waliopata angalau dozi moja yalikuwa juu ya hesabu rasmi kwa pointi 17 za asilimia. Utafiti mwingine wenye watu kama 1,000 tu, waliopatikana kwa njia ya uangalifu zaidi, ulikaribia ukweli. Wachambuzi walikokotoa kwamba ule mkubwa, pamoja na maelfu yake yote, usahihi wake ulikuwa kama wa kuuliza watu wasiozidi 10 waliochaguliwa kwa bahati nasibu. Na waandaaji walikuwa wamerekebisha kwa umri na jinsia. Marekebisho ya namna hiyo huponya tofauti zilizoandikwa kwenye fomu. Tofauti iliyowafanya watu wajibu au wakae kimya, kama haikuandikwa popote, inabaki palepale. Wingi wa majibu ulifanya kosa liaminike zaidi, kwa kuwa ukingo wa makosa uliochapishwa ulikuwa mwembamba mno huku kadirio lenyewe likiwa limekaa mahali pasipo pake.

Mtauliza mtajuaje, mkiwa na ripoti mkononi, kwamba imeathirika. Kuna dalili mbili ninazoziamini.

Ya kwanza ni kulinganisha waliojibu na rejista. Mnajua tangu siku ya kwanza ukubwa wa mkopo wa kila mtu na kama alichelewa marejesho katika miezi mitatu ya mwanzo. Angalieni: je, waliochelewa ni theluthi ya rejista lakini sehemu ya kumi tu ya waliojibu? Basi dodoso limewaruka walewale mliotaka kuwasikia.

Ya pili ni kutazama majibu kwa mpangilio wa kuwasili. Gawanyeni waliojibu ujumbe wa kwanza, waliojibu baada ya kukumbushwa, na waliojibu baada ya kupigiwa simu. Kama waliofanikiwa ni wengi katika kundi la kwanza, wakapungua katika la pili, wakapungua tena katika la tatu, mteremko huo unawaonyesha wasiojibu kabisa wako upande gani. Hauwapi kadirio, maana asiyejibu kamwe anaweza kuwa tofauti hata na aliyejibu mwisho. Lakini mteremko ukiwapo, yeyote anayewaletea wastani mmoja anawaficha jambo, hata kama hajui.

Nimepiga simu nyingi za kundi la tatu. Moja siisahau. Mama mmoja alipokea simu mara ya saba. Kimya, kisha akaniuliza kama napiga kuhusu deni. Nikamwambia hapana, namuuliza habari za biashara tu. Akasema ujumbe wetu aliuona, tena mara zote, lakini ulianza na maneno "Tusimulie mafanikio yako", naye hakuwa na mafanikio ya kusimulia, akadhani haumhusu. Kisha akaongea kwa dakika arobaini. Alinieleza kwamba marejesho yalianza wiki ya pili baada ya mkopo, wakati bidhaa zake zilihitaji wiki sita kuuzika, hivyo alirejesha awamu tatu za kwanza kwa fedha ya mkopo wenyewe. Mtaji uliisha kabla biashara haijaanza. Katika usaili wote wa waliofanikiwa sikuwahi kusikia neno kuhusu ratiba ya marejesho, kwa sababu ratiba iliyomwangusha huyu haikuwadhuru wale waliokuwa na fedha pembeni. Baada yake nilianza kuuliza swali hilo kwa kila niliyempata katika kundi lile, na nikalisikia tena na tena.

Ndiyo maana ninawaomba mambo matatu, nayo yote yako ndani ya mamlaka yenu.

Kila asilimia inayoingia katika ripoti iandikwe na idadi yake kamili: waliosaini mkataba ni wangapi, waliomaliza ni wangapi, walioulizwa ni wangapi, waliojibu ni wangapi. Mstari mmoja unatosha. Ripoti isiyo na mstari huo irudishwe kwa aliyeiandika.

Mikopo chechefu na akaunti zilizofungwa zibaki katika rejista ileile ya utafiti, hata kama kwa uhasibu zimehamishwa. Na atakayewatafuta wenyewe asitoke idara ya kukusanya madeni. Mkopaji akihisi kwamba anayempigia ndiye yule wa deni, hatasema ukweli, na pengine hatapokea tena.

La tatu ni bajeti. Tengeni sehemu ya fedha za tathmini kwa ajili ya wasiojibu peke yao, ijulikane kabla dodoso halijatumwa, isije ikawa masalio yanayokatwa muda ukibana. Watu 80 wanaotafutwa hadi wapatikane watawafundisha zaidi ya 800 waliojibu kwa kupenda. Na mnapowaandikia, futeni lile neno "mafanikio" katika sentensi ya kwanza. Waulizeni tu: baada ya mkopo, ilikuwaje?

Mfuko utakaokubali kuanza, mimi niko tayari kuzipiga simu hizo 80 mwenyewe. Ninachohitaji ni rejista ya siku ya kwanza, kabla haijachujwa.

Wenu katika kazi,

Msaili wa miaka tisa